Kufuta maoni uliyoandika kwenye ramani: kwanza itafute akaunti

Mteja wangu mmoja, fundi seremala wa Mwanga hapa Kigoma, aliliwekea duka moja la vifaa vya ujenzi nyota moja na maneno makali kwenye Google Maps, kwa sababu aliuziwa bawaba zilizopinda. Wiki ya pili mwenye duka alimbadilishia bila ubishi, naye akaona si haki maneno yale yaendelee kusomwa. Alipokuja kwangu alikuwa na simu mpya, na alilalamika kwamba kitufe cha kufuta hakipo.

Kwa kawaida kazi hii haichukui hata dakika mbili. Unafungua Google Maps, unagusa Contribute, kisha View your profile, unashuka hadi kwenye maoni yako, unagusa vidoti vitatu vilivyo kando ya maoni unayotaka kuyaondoa, halafu unachagua Delete review. Ukitaka kurekebisha tu, Edit review ipo hapo hapo, na mara nyingi mimi hushauri hiyo, kwani msomaji atajua kwamba kosa lilitokea na likasawazishwa.

Seremala alipoyafungua maoni yake kwenye ukurasa wa duka na kugusa vidoti vyake aliona Report review badala ya Delete review, na hiyo ndiyo dalili ya uhakika kwamba akaunti iliyo wazi siyo iliyoandika. Maoni hufuata akaunti, hayafuati simu wala laini. Simu yake mpya ilifunguliwa na fundi aliyemtengenezea akaunti nyingine (desturi inayotuletea kazi nyingi hapa mjini), huku ile ya zamani ikiwa imebaki kwenye simu aliyompa mdogo wake aliyeko Uvinza.

Nilimwambia asihangaike na nenosiri alilolisahau. Kwa kuwa simu ile ilikuwa bado haijaondolewa akaunti, mdogo wake aliifungua ramani, akagusa picha ya duara iliyo juu kulia ili kuhakikisha jina ni la kaka yake, akafuata hatua zile zile, na maoni yakafutika bila kuulizwa nenosiri.

Kama simu ya zamani ingekuwa imeshafutwa kila kitu, ingebaki njia ya accounts.google.com/signin/recovery, ambayo hukwama pale namba ya kupokea msimbo imeshafungwa na hakuna barua pepe ya akiba. Hapo mwandishi mwenyewe hana la kufanya. Kubonyeza Report review hakumsaidii, kwa sababu Google huondoa maoni yanayovunja kanuni zake, kama matusi au maoni ya uongo, na malalamiko ya kweli yaliyokwisha kutatuliwa hayamo. Mwenye duka naye hana uwezo wa kuyafuta. Anaweza tu kujibu chini yake kwamba bawaba zilibadilishwa.