Mikazo mikuu, na ile sifuri inayosahaulika

Shika kipande cha chaki kwa ncha zake mbili, ukisokote taratibu mpaka kivunjike. Mpasuko haukati chaki moja kwa moja. Unaizunguka kwa mshazari, kama uzi wa parafujo, kwa pembe ya karibu digrii 45. Mkono wako umeipa chaki mkazo wa kukata tu, ule wa kutelezesha uso mmoja juu ya mwingine, lakini kilichoipasua ni mkazo wa kuvuta.

Mvuto huo ulikuwemo tangu mwanzo, ila kwenye uso ulioinama. Katika nukta ileile, mkazo hubadilika kulingana na uso unaoukata, na mikazo mikuu ni ile inayopatikana kwenye nyuso ambazo hazina mkazo wa kukata hata kidogo.

Tuchukue bamba jembamba la chuma linalovutwa na kukatwa ndani ya bapa lake, huku nyuso zake mbili za nje zikiwa huru. Tuseme katika nukta moja mikazo ni hii, kwa megapaskali:

```
S = | 100  40 |
    |  40  40 |
```

Namba za ulalo, 100 na 40, ni mivuto kwa upande wa x na wa y. Zile 40 mbili zilizobaki ni mkazo wa kukata. Lazima zilingane, la sivyo kipande kingezunguka chenyewe.

Ukikata bamba kwa uso wowote, na n ikiwa vekta ya urefu wa 1 iliyosimama wima juu ya uso huo, mkazo juu yake ni S·n. Kwa kawaida S·n haielekei inakoelekea n, na huko kupinda ndiko kunakozaa mkazo wa kukata. Sisi tunatafuta uso ambao haipindi, yaani S·n = λ·n. Huo ni mlinganyo wa thamani aigeni wenyewe, wala haukuletwa kwa ajili ya urahisi wa hesabu: λ ni mkazo mkuu, na n ni uelekeo wake.

Determinanti ya S − λI ikiwa sifuri tunapata:

```
λ² − 140λ + 2400 = 0
λ = 120,  λ = 20
```

Kagua kabla ya kuendelea: jumla ya thamani hizo ni 140, sawa na jumla ya ulalo, na zao lake ni 2400, sawa na determinanti. Vekta ya 120 ni (2, 1). Ukiizidisha kwa S unapata (240, 120), mara 120 kamili. Pembe yake na x ni takriban digrii 26.6, na vekta ya 20 inakuwa mraba nayo.

Sasa mkazo mkubwa wa kukata. Kanuni ni nusu ya tofauti kati ya mkazo mkuu mkubwa na ule mdogo, kwenye nyuso zilizoinama digrii 45 kutoka kwenye pande kuu. Wanafunzi wengi huandika (120 − 20)/2 = 50, wakafunga swali. Hapo ndipo wanapokosea, na mimi mwenyewe nililipoteza swali zima hivyohivyo.

Bamba lina unene, na upande wa unene nao una mkazo mkuu wake, ambao ni sifuri. Andika matriksi kamili uione:

```
import numpy as np
S = [[100,40,0],[40,40,0],[0,0,0]]
print(np.linalg.eigvalsh(S))
```

Majibu ni 0, 20 na 120. Mdogo kuliko yote ni 0, kwa hiyo mkazo mkubwa wa kukata ni 120/2 = 60, na uso wake umeinama kupita kwenye unene wa bamba. Ile 50 ni kweli, lakini ni ya nyuso zilizosimama wima kwa bamba tu. Kwa chuma kinachoanza kulegea kikivutwa kwa megapaskali 250, kigezo cha Tresca kinaruhusu mkazo wa kukata wa nusu yake, yaani 125. Kwa 50 ungejiaminisha kuwa una usalama wa mara 2.5, kumbe ni mara 2.1 hivi.

Kujua kama umenaswa ni rahisi: tazama alama za thamani mbili za bapa. Moja ikiwa chanya na nyingine hasi, sifuri inakaa katikati na haibadilishi kitu. Ndivyo ilivyo kwa chaki, yenye +τ na −τ, τ ikiwa mkazo wa kukata ulioipa mkono wako. Zikiwa zote chanya au zote hasi, sifuri inakuwa ncha mojawapo.

Kosa hili huonekana wazi zaidi kwenye tangi la umbo la mpira lenye ukuta mwembamba. Ukuta wake huvutwa sawasawa pande zote, kwa hiyo thamani mbili za bapa zinalingana na tofauti yake ni sifuri. Anayesahau upande wa unene atapata kwamba ukuta huo hauna mkazo wa kukata kabisa, hata shinikizo lipande vipi, wakati uliopo ni nusu nzima ya mvuto wa ukuta.