Fyuzi ya plagi: tunayoambiana na yaliyo kweli

Plagi ya pini tatu za bapa inayotumika Kenya, Uganda, Tanzania, Oman na Emirati hufuata kiwango cha Uingereza cha BS 1363, kilichotolewa mwaka 1947. Ndani yake mna fyuzi ya kauri yenye vifuniko vya chuma kila upande, urefu milimita 25.4 na unene milimita 6.3. Kwa kuwa fyuzi za ukubwa wote wa ampea zina umbo hilohilo, ni rahisi mtu kuchomeka yoyote aliyonayo, na hapo ndipo makosa mengi huanzia. (Plagi za pini mbili za mviringo hazina fyuzi kabisa, kwa hiyo hazihusiki hapa.)

Dhana: fyuzi ya ampea 13 inafaa kila kifaa, kwa sababu inaingia

Wengi huamini kwamba kazi ya fyuzi ni kulinda blenda au redio, na kwamba fyuzi kubwa ni fyuzi imara. Ukweli ni kwamba fyuzi ya plagi imewekwa hasa kwa ajili ya waya, yaani ule unaotoka kwenye plagi kwenda kwenye kifaa. Soketi za ukutani mara nyingi zinalindwa na swichi ya saketi ya ampea 20 au 32 kule kwenye ubao wa umeme. Swichi hiyo inalinda nyaya nene za ukutani, lakini haiujali waya mwembamba wa taa ya mezani. Bila fyuzi ndogo ndani ya plagi, waya huo unaweza kuyeyuka huku swichi ya ubaoni imetulia.

Angalia namba zenyewe. Fyuzi hii, ambayo kiwango chake ni BS 1362, haikatiki pale tu mkondo unapopita kiwango kilichoandikwa. Inatakiwa iweze kubeba mara 1.6 ya kiwango chake kwa nusu saa bila kukatika, na ikatike ndani ya nusu saa mkondo ukifika mara 1.9. Kwa fyuzi ya 13 maana yake ni kwamba karibu ampea 20 zinaweza kupita kwa muda mrefu bila chochote kutokea. Waya wa 0.5 mm², ambao huonekana kwenye taa ndogo na redio, umekusudiwa kubeba ampea 3. Joto kwenye waya huongezeka kwa mraba wa mkondo, kwa hiyo ampea 20 kwenye waya huo huzalisha joto takriban mara 44 ya lile la ampea 3. Ganda la plastiki litalainika na kuungua, na fyuzi itakuwa bado nzima. Ukiweka ya 3, ampea 5.7 tu zinatosha kuikata ndani ya nusu saa, na shoti kamili huikata papo hapo.

Fyuzi haikukingi na kupigwa na umeme pia. Mkondo wa sehemu ndogo tu ya ampea unaweza kumuua mtu, na fyuzi ya ampea 3 haiuoni kabisa. Kazi hiyo ni ya swichi ya kinga ya uvujaji kwenye ubao, ile ya miliampea 30, pamoja na waya wa ardhi uliofungwa vizuri.

Dhana: ukiiangalia utajua kama imekatika

Fyuzi ya kioo ya redio au ya gari unaweza kuimulika ukaona uzi ndani. Fyuzi ya plagi ni ya kauri, na ndani imejazwa mchanga laini unaozima cheche wakati uzi unapokatika. Kwa nje haionyeshi chochote. Inayoonekana safi inaweza kuwa imekatika, na yenye madoa inaweza kuwa nzima. Ukikuta fyuzi ya kioo ndani ya plagi ya ukutani, iondoe: haina uwezo wa kuhimili shoti kubwa kama ile ya kauri, na inaweza kupasuka.

Basi ipime kwa mita. Chomoa plagi, fungua skrubu, kisha itoe fyuzi kwenye vishikizo vyake. Plagi iliyofinyangwa kiwandani ina mlango mdogo upande wa pini, unaoweza kuchokonolewa kwa bisibisi nyembamba. Fyuzi ikiwa mkononi, nje ya plagi, hakuna kitu kingine kitakachoingilia kipimo.

Geuza mita kwenye omu, kipimo cha chini kabisa, ambacho kwenye mita nyingi za bei nafuu kimeandikwa 200. Gusanisha ncha mbili za mita kwanza. Utaona namba ndogo, kwa kawaida kati ya 0.1 na 0.5. Huo ni ukinzani wa waya za mita yenyewe, na ukumbuke. Sasa weka ncha moja kila upande wa fyuzi, ukibonyeza kwa nguvu kidogo. Fyuzi nzima ya 13 ina ukinzani wa chini ya sehemu moja ya mia ya omu, na ya 3 sehemu chache tu za mia, kwa hiyo mita inapaswa kuonyesha karibu kabisa na namba ile ya kwanza. Ukipata `OL`, au tarakimu `1` peke yake upande wa kushoto, imekatika. Ikionyesha omu kadhaa juu ya namba ya kwanza, usiirudishe kwenye plagi: safisha vifuniko, pima tena, na kama haibadiliki itupe. Wakati unapima, zungusha vifuniko vya chuma kidogo kwa vidole. Namba ikirukaruka, kifuniko kimelegea, na fyuzi hiyo itaunguza vishikizo vyake kabla ya kukatika.

Dhana: mita ikilia, fyuzi ni nzuri

Mlio unasema tu kwamba ukinzani uko chini ya kiwango fulani, na kwenye mita nyingi kiwango hicho ni makumi ya omu. Fyuzi yenye kifuniko kilicholegea, yenye omu 5, italia vizuri kabisa. Ndiyo maana soma namba, usisikilize tu. Na kuna jambo ambalo mita haiwezi kulijua kabisa: ukubwa wa fyuzi. Ya 3 na ya 13 zote zitaonyesha karibu 0.3, na tofauti yao ni ndogo mno kwa mita ya kawaida kuitambua. Ukubwa unasomwa kwenye maandishi na rangi ya fyuzi: nyekundu ni 3, kahawia ni 13, na nyeusi hutumika kwa zile nyingine kama 5, 7 na 10. Tafuta pia maandishi `BS 1362`. Fyuzi isiyo na maandishi yoyote haifai, hata ikipita kipimo cha mita.

Dhana: unaweza kupima kwa kugusa pini za plagi

Njia hii inapendwa kwa sababu haihitaji kufungua chochote. Mtu anagusa pini ya moto na ya nyutro, mita haionyeshi kitu, anasema fyuzi imekatika. Kumbe anapima mzunguko mzima: fyuzi, waya, swichi na kifaa. Chukua birika la wati 2000 kwa volti 240. Ukinzani wa koili yake ni 240 × 240 ÷ 2000, yaani omu 28.8. Fyuzi ikiwa nzima na swichi ikiwa imewashwa, ndivyo mita itakavyoonyesha. Pasi ya wati 1000 itaonyesha kama omu 58, na mita nyingine haitalia hata kidogo. Chaja ya simu au televisheni inaweza kuonyesha `OL` ikiwa nzima, na kifaa chochote chenye swichi iliyozimwa vilevile. Kinyume chake, ukipata karibu sifuri kwenye birika, tatizo si fyuzi: kuna shoti kwenye waya au ndani ya kifaa.

Kwa hiyo pini zina manufaa yake, lakini baada ya kuipima fyuzi peke yake. Ikiwa fyuzi mpya imekatika mara tu ulipowasha, chomoa na upime kati ya pini ya moto na ya nyutro, kisha kati ya pini ya moto na ya ardhi. Kati ya moto na ardhi inapaswa kuonyesha `OL`. Ikionyesha namba ndogo, umeme unavuja kwenye bati la kifaa, na hicho hakitumiki mpaka kitengenezwe. Kumbuka kwamba mita hutumia betri ndogo, kwa hiyo `OL` si hakikisho kamili: uvujaji mwingine huonekana tu kwenye volti kubwa.

Usiweke mita iliyo kwenye omu kwenye soketi yenye umeme. Na kama waya mwekundu wa mita umebaki kwenye tundu la `10A`, usiupeleke popote penye umeme, maana hapo mita inakuwa shoti.

Dhana: ikikatika, weka kubwa zaidi

Anza na wati, kisha waya. Gawanya wati zilizoandikwa kwenye kibandiko cha kifaa kwa volti. Blenda ya wati 350 kwa volti 240 inahitaji takriban ampea 1.5, kwa hiyo fyuzi ya 3 inatosha. Kama kanuni ya haraka, kifaa cha chini ya wati 700 kinaanza na ya 3. Pasi ya wati 1200 inahitaji ampea 5 kamili, kwa hiyo fyuzi ya 5 itakuwa imefika ukingoni. Tumia ya 7 ukiipata. Ya 13 ni sawa iwapo mtengenezaji ameitaja, na waya ni wa 0.75 mm² au zaidi. Unene huo umechapishwa kwenye waya, kwa mfano `3 x 0.75 mm²`. Kwa waya wa 0.5 mm² usizidi 3, hata iweje.

Friji huvuruga hesabu hii. Kibandiko kinaweza kusema wati 120, lakini kompresa inapoanza huvuta mkondo mkubwa mara kadhaa kwa muda mfupi, na fyuzi ya 3 inaweza kukatika. Fuata fyuzi aliyoitaja mtengenezaji.

Kwa blenda ile ya wati 350, ikikata fyuzi ya 3 mara kwa mara, swali ni kwa nini inavuta zaidi ya ampea 5. Mara nyingi mota imekwama kwa sababu ya barafu au nazi ngumu, au beringi zimekauka. Ukiweka ya 13, au ukiizungushia fyuzi iliyokatika karatasi ya alumini, mota iliyokwama itaendelea kuchemka mpaka waya zake zitoe moshi. Nunua fyuzi ya 3 nyingine, toa kilichokwama, zungusha mota kwa mkono, kisha washa bila kitu ndani. Ikikatika tena ikiwa tupu, mota ndiyo mbovu.

Na ukiona plagi yenyewe imebadilika rangi karibu na fyuzi, mara nyingi kosa si ukubwa wa fyuzi. Vishikizo vimelegea au skrubu ya waya wa moto haijakazwa, na hapo joto huzalishwa hata mkondo ukiwa wa kawaida. Badilisha plagi nzima, kaza skrubu zote tatu, kisha iguse baada ya dakika kumi za matumizi. Vuguvugu kidogo ni kawaida, lakini ikiwa ni ya moto, chomoa.