Ncha ya daraja la pili nayo ina chake: dhana potofu kuhusu residyu

Jumamosi iliyopita kibarazani Sinza niliwaandikia wanafunzi wanne wa mwaka wa pili swali moja ubaoni: tafuta intigrali ya fanksheni hii kuzunguka duara |z| = 2, kinyume cha mwendo wa saa.

```
f(z) = 18 / ( z^2 (z-1)(z-3) )
```

Wakatoa majibu manne: −18πi, −6πi, 0 na −2πi. Moja tu ni sahihi. Yale matatu yaliyobaki kila moja lina dhana yake nyuma, nami hukutana nazo kila mwaka.

Dhana: ncha ya daraja la pili haichangii kitu

Aliyepata −18πi alinieleza vizuri kabisa: "Kaka, si ulitufundisha kwamba intigrali ya 1/z² kuzunguka sifuri ni sifuri? Basi z = 0 nimeiacha." Akabaki na ncha ya z = 1, yaani mahali pengine fanksheni inapokwenda kwenye infiniti. Hiyo ni ncha sahili, yaani ya daraja la kwanza, kwa hiyo unaondoa (z−1) kwenye asili, kisha unaweka z = 1 katika kilichobaki: 18/(1·(−2)) = −9. Hiyo ndiyo residyu ya hapo, na intigrali ni 2πi mara jumla ya residyu za ncha zilizo ndani ya duara. Mpaka hapo yuko sawa.

Ukweli: 1/z² peke yake haina residyu, lakini fanksheni yetu si 1/z² peke yake. Imezidishwa na g(z) = 18/((z−1)(z−3)), ambayo karibu na sifuri ni 6 + 8z na kuendelea. Ukigawanya kwa z² unapata:

```
6/z^2 + 8/z + ...
```

Ile 6/z² kweli inatoa sifuri ukizunguka. Ile 8/z haitoi sifuri, inatoa 2πi mara 8. Residyu ni hiyo 8, yaani namba iliyokaa juu ya 1/z.

Hapo pia ndipo alipoteleza mwenzake wa −6πi. Yeye alizidisha kwa z², akaweka z = 0, akapata 6, akaiita residyu. Amechukua namba ya ghorofa ya jirani. Kwa ncha ya daraja la pili ukishazidisha kwa z² lazima udifrenshieti mara moja kabla ya kuweka sifuri, kwa sababu ni g'(0), si g(0), inayoishia juu ya 1/z. Asili ya g ni z² − 4z + 3, kwa hiyo g'(0) = 18·4/9 = 8. Daraja likiwa la tatu, unadifrenshieti mara mbili na kugawanya kwa 2. Hiyo 2 husahauliwa sana.

Dhana: jumlisha residyu zote unazoziona

Ncha ya z = 3 ina residyu 18/(9·2) = 1. Aliyepata 0 alijumlisha 8 − 9 + 1. Duara lenye nusu kipenyo 2 halifiki 3, kwa hiyo ncha hiyo iko nje na haihesabiwi. Jibu ni 2πi(8 − 9) = −2πi.

Lakini sikumfutia hesabu yake, kwa sababu ile sifuri ni kipimo kizuri sana. Kipeo cha z katika asili kikikizidi cha juu kwa 2 au zaidi, residyu zote za fanksheni, za ndani na za nje, lazima zijumlishwe kuwa sifuri. Chora duara kubwa la nusu kipenyo R: fanksheni yetu inapungua kama 18/R⁴ huku urefu wa njia ukiwa 2πR tu, basi intigrali inakwisha R ikikua. Mwenye 6 angejipima: 6 − 9 + 1 = −2, si sifuri, kuna kosa. Kipimo hiki hakikwambii ncha ipi iko ndani, hilo ni la kuchora mwenyewe. Na kwenye fanksheni yenye eᶻ juu usikitumie.

Dhana: kipeo cha asili ndicho daraja la ncha

Tazama (1 − cos z)/z³. Wengi husema daraja la tatu. Ukweli: juu nako kuna sifuri, 1 − cos z huanza na z²/2, kwa hiyo vinakatana na inabaki 1/(2z) na kuendelea. Ni ncha sahili, residyu ni 1/2.

Wanafunzi wengi hawaambiwi kwamba kukisia daraja kubwa mno hakuharibu jibu. Tumia kanuni ya daraja la tatu hapo: zidisha kwa z³, difrenshieti 1 − cos z mara mbili upate cos z, weka sifuri upate 1, gawanya kwa 2. Ni 1/2 ile ile, kazi tu ndiyo imeongezeka. Ukikisia dogo mno, kikomo kinakwenda kwenye infiniti: kwenye swali letu la kwanza, z·f(z) karibu na sifuri ni 6/z. Ukiona hivyo, panda daraja moja ujaribu tena.