Kuku akinyonyoka manyoya, usimpunguzie chakula

Manyoya yametapakaa bandani, mayai yamepungua, na mfugaji anapiga hesabu ya haraka: kama hatagi, basi ale kidogo. Au anamgeuzia mahindi matupu. Hapo ndipo mapumziko ya miezi miwili yanapovutwa hadi minne.

Tuanze na kwa nini mayai yanakatika. Kuku akishataga takribani mwaka mzima, au saa za mwanga zikipungua, homoni zinazoendesha utagaji hushuka. Ovari hunywea, viini vilivyokuwa vikikua hufyonzwa mwilini, na mrija wa mayai husinyaa. Wakati huohuo manyoya mapya huanza kuchipua na kuyasukuma ya zamani yatoke. Siku moja tu bila maji inaweza kuwaanzisha kabla ya wakati wao, kwa hiyo ukiona banda zima limenyonyoka ghafla, kagua kwanza vyombo vya maji na taa.

Wengi husema kuku hatagi kwa sababu protini yote imeenda kwenye manyoya. Hiyo ni nusu ya ukweli. Hata umshindilie protini, hatataga mpaka homoni zirudi. Lakini unyoya ni protini kwa asilimia 85 hadi 90, na protini ikipungua manyoya huota polepole, hivyo mapumziko hurefuka.

Nani yuko wapi katika safari hiyo? Bawa litakwambia. Likunjue utazame manyoya makubwa ya nje, ambayo kwa kawaida ni 10, yakianzia kwenye unyoya mmoja mfupi ulio katikati ya bawa kwenda nchani. Hutoka kwa mpangilio, la kwanza likiwa lile lililo jirani na huo mfupi, na kila jipya huchukua kama wiki 6 kukamilika. Mtagaji mzuri huangusha mawili au matatu kwa pamoja, kwa hiyo utakuta machipukizi yenye urefu unaolingana. Kuku anayechelewa kurudi kutaga huangusha moja, baada ya wiki mbili jingine, na bawa lake lina urefu wa kupanda kama ngazi. Kama lazima upunguze kundi, mimi ningeanza na huyo wa ngazi.

Sasa chakula. Chakula cha watagaji kina kalsiamu karibu asilimia 4. Kuku anayekula gramu 110 kwa siku anapata gramu 4.4, na ganda la yai moja huchukua kama gramu 2. Ganda likiwa halipo, kiasi kikubwa hutoka na kinyesi, na kinachofyonzwa bila kazi hubaki mzigo wa figo. Kwa hiyo ninapendelea chakula cha kukuzia, chenye kalsiamu karibu asilimia 1, nikikiongezea protini. Maganda ya konokono wa baharini yaliyopondwa wekea chombo chake pembeni, kwa ajili ya wale ambao bado wanataga.

Chukua kundi la kuku 50. Wanakula kilo 5.5 kwa siku. Chakula cha kukuzia kina protini asilimia 15, mashudu ya soya 44, na tunataka 17. Toa 17 kwenye 44 upate 27, toa 15 kwenye 17 upate 2. Basi changanya kilo 27 za chakula cha kukuzia na kilo 2 za soya; hizo kilo 29 ni za siku tano hivi. Soya ina kidogo methionini, moja ya sehemu zinazounda protini, na manyoya yanaihitaji sana, kwa hiyo kilo moja kati ya hizo mbili iwe unga wa samaki. Uonje kwanza: ukiwa na chumvi nyingi kuku watakunywa mno na matandazo yataloa.

Kunyonyoka kwa kawaida huanza kichwani na shingoni, ngozi ikiwa safi na imejaa vichipukizi kama miiba. Ukiona manyoya yaliyovunjika mgongoni, wanadonoana. Mayai meupe yaliyoganda kwenye mashina ya manyoya karibu na mlango wa kutagia ni ya chawa. Utagaji ukishuka bila manyoya kuanguka, tafuta ugonjwa au kasoro ya chakula. Vichipukizi vina damu ndani na vinauma, basi usiwashikeshike. Kimoja kikivunjika, mtenge kuku huyo kabla wenzake hawajaona damu.

Upanga wa kichwani ukianza kurudisha wekundu, rudisha chakula cha watagaji kidogo kidogo kwa siku 7, ili mifupa ijaze akiba ya kalsiamu kabla ya yai la kwanza. Kama unatumia taa, ongeza mwanga polepole mpaka saa 14 hadi 16 kwa siku. Ukiwasha taa zote upanga ukiwa bado umepauka, utawapata kuku wanaotaga huku mabawa hayajaisha, na wengine watanyonyoka tena.