"Unaumwa nini?" si swali la ofisi

Katika kampuni ya malori niliyowahi kusimamia wafanyakazi wake, Kampala na Malaba, fomu ya ruhusa ya ugonjwa ilikuwa na mstari ulioandikwa "Aina ya ugonjwa". Aliyejaza "malaria" alipata siku tatu bila kuulizwa karatasi, maana malaria kila mtu anaijua. Karani mmoja aliuacha mstari ule wazi, na msimamizi wake akamtaka alete cheti cha daktari siku hiyo hiyo. Naye alikosa kazi siku tatu tu. Nilipopitia mafaili nikaona tulikuwa tunadai vyeti kwa kutazama jina la ugonjwa, na aliyenyamaza ndiye aliyesumbuliwa.

Mameneja wengi hujitetea kwa sheria. Ni kweli kwamba Sheria ya Ajira ya Uganda ya 2006, kifungu cha 55 kwa namba za awali, inamtaka mfanyakazi amjulishe mwajiri mapema iwezekanavyo kwamba hayupo, pamoja na sababu. Neno hilo "sababu" ndilo watu hulivuta mpaka likafika kwenye vipimo vya maabara. Kwa usomaji wangu, "naumwa, siwezi kufika kazini" ni sababu tosha. Mwajiri akitaka uthibitisho, anaruhusiwa kudai cheti cha daktari, na kazi ya cheti ni kuthibitisha kwamba mtu huyu hawezi kufanya kazi. Isitoshe, Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inaziweka habari za afya katika kundi la data zinazolindwa zaidi, na inamtaka mwenye kukusanya data achukue zile tu anazozihitaji.

Je, tunahitaji nini hasa? Tuliufuta ule mstari, tukabaki na maswali manne: umeanza kuumwa lini, unatarajia kurudi lini, je umeumia kazini, na je kuna kazi ambayo daktari amekukataza kwa sasa? Swali la tatu lipo kwa sababu ajali ya kazini ina njia yake ya fidia. Cheti kinadaiwa kuanzia siku ya tatu, kwa kila mtu, awe na mafua au asiseme lolote. Hiyo siku ya tatu ni kanuni yetu wenyewe. Wewe unaweza kuchagua nyingine, mradi iandikwe na isibadilike kwa kumtazama mtu usoni.

Swali la nne ndilo lenye kazi kubwa, hasa kwa madereva. Dereva wetu mmoja wa Malaba alipiga simu Jumatatu tarehe 3. Msimamizi alitaka kujua anameza dawa gani, kwa hofu kwamba zitamletea usingizi barabarani. Hofu hiyo ni ya haki, lakini jina la dawa lisingemsaidia, kwani yeye si mfamasia. Nikamwandikia dereva hivi:

"Pole sana, mzee. Nimepokea taarifa yako. Usinieleze ugonjwa. Mwombe daktari aandike siku za mapumziko, na kama unaruhusiwa kuendesha gari utakaporudi."

Cheti kilisema apumzike hadi tarehe 8, kisha asiendeshe gari kwa siku saba kuanzia tarehe 10. Wiki hiyo akakaa ofisini akipanga karatasi za mizigo, na tarehe 17 akarudi kwenye usukani. Kwenye faili lake hakuna zaidi ya tarehe hizo na maneno "asiendeshe hadi tarehe 16". Mshahara wake haukukatwa, kwa kuwa sheria inatoa mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza wa ugonjwa kwa yeyote aliyekwisha kutumikia angalau mwezi mmoja mfululizo.

Shida ni kwamba kliniki nyingi huandika ugonjwa kwenye karatasi bila kuombwa, na wafanyakazi hupiga picha karatasi nzima wakaituma kwa wasapu. Wakati mwingine huitupa kwenye kundi la idara! Hapo mpigie simu aifute upesi kabla wenzake hawajaifungua wote. Ikikufikia wewe, andika tarehe kwenye rejista, mrudishie karatasi yake, na picha uifute kwenye simu. Msimamizi akiuliza, jibu ni moja kwa wote: "Yuko kwenye ruhusa ya ugonjwa, tunamtarajia tarehe fulani." Usiseme "si kitu kikubwa" kwa huyu na ukakaa kimya kwa yule, maana kimya chako nacho kitasomwa.

Kanuni hii hujaribiwa zaidi ugonjwa unapovuka mwezi. Ukiendelea hadi mwisho wa mwezi wa pili, sheria inamruhusu mwajiri kuvunja mkataba baada ya kutimiza masharti yake yote, na ndipo wakubwa huanza kuuliza, "Lakini ana nini hasa?" Mimi huwapelekea swali jingine, ambalo daktari anaweza kulijibu kwa mstari mmoja: anatarajiwa kuweza kazi yake lini, yote au sehemu yake?