Mabilioni yakitangazwa, si lazima ajira zikue

“Bomba la mafuta kutoka Hoima linaishia Tanga, mabilioni yamemwagwa. Si mafuta ndiyo sekta inayokua kule?”

Hapana. Kiasi kinachotangazwa ni mtaji, na mtaji mwingi hapa ni chuma na mitambo. Bomba lina kilomita 1,443. Kulichimbia kunahitaji watu wengi, kuliendesha kunahitaji wachache. Kiwanda cha Sojo, Nzega, kilijengwa kwa ajili ya kuyavika mabomba utando wa kuhifadhi joto. Mabomba yakiisha, kazi hiyo imeisha.

Takwimu nazo hupotosha ukizisoma haraka. Katika ISIC, mfumo wa kimataifa unaozipa sekta za uchumi herufi, mchomeleaji wa kampuni ya ujenzi huhesabiwa kwenye ujenzi, herufi F. Usafirishaji kwa bomba uko kwenye usafirishaji na uhifadhi, herufi H. Kwa hiyo chukua ripoti mbili za ajira za Ofisi ya Taifa ya Takwimu, NBS, ulinganishe mkoa uleule na herufi ileile. F ikipanda peke yake, huo ni msimu wa mradi. Ukuaji wa kudumu utauona H ikiendelea kupanda hata baada ya F kushuka. Angalia pia kama ripoti inahesabu sekta rasmi tu, maana bodaboda na mama lishe wa Chongoleani, bomba linapoishia, hawatakuwemo.