Klipu inayorukaruka na isiyosikika mkutanoni: dhana potofu na ukweli

Mwaka jana niliendesha mafunzo ya huduma ya kwanza kwa Zoom. Nilikuwa na klipu ya dakika mbili inayoonyesha namna ya kubonyeza kifua cha mtu ambaye moyo wake umesimama, pamoja na mlio wa tik-tik wa kumsaidia mtazamaji kushika mwendo. Kwangu ilicheza vizuri mwanzo hadi mwisho. Ilipoisha mshiriki mmoja akaniuliza, "Mwalimu, hiyo mikono inabonyeza au imetulia?" Wengine hawakuwa wamesikia mlio wowote.

Dhana: Wakiiona skrini yangu, na sauti wanaipata.

Picha na sauti husafiri kwa njia mbili tofauti. Ukishiriki skrini peke yake, kinachokwenda ni picha tu. Kwenye Zoom, bonyeza Share, na kabla ya kuthibitisha weka tiki kwenye `Share sound`, chini ya dirisha hilo. Ukiwa umeshaanza kushiriki, utaipata ndani ya `More`. Kwenye Google Meet, njia ya uhakika ni kuifungua video kwenye kichupo cha kivinjari, kisha ushiriki kichupo hicho ukiwa umewasha `Also share tab audio`.

Dhana: Nikiongeza sauti ya spika, maikrofoni itaidaka.

Hili ndilo kosa nililofanya, na nimeliona kwa wakufunzi wengi. Programu za mikutano hupitisha sauti ya maikrofoni kwenye vichujio vilivyotengenezwa kulinda usemi wa binadamu. Feni, muziki, na mlio wa tik-tik unaojirudia huhesabiwa kuwa kelele, hivyo huondolewa au kufifishwa. Kinachobaki ni vipande vya maneno vinavyokuja na kupotea. Ukisikia washiriki wakisema "sauti inakatikakatika", kagua kwanza kama klipu yako inapitia maikrofoni kabla ya kuulaumu mtandao.

`Share sound` huichukua sauti ndani ya kompyuta yenyewe, haipiti hewani. Ndiyo maana unaweza kuvaa hedifoni na washiriki bado wakasikia. Unaweza pia kuzima maikrofoni yako, na ningekushauri uizime wakati klipu inacheza, kwa sababu sauti ya klipu itaendelea kwenda bila kikohozi chako wala mlango wa jirani.

Dhana: Ikirukaruka, intaneti yangu ni mbovu.

Wakati mwingine ni kweli, lakini chanzo cha kwanza mara nyingi ni mpangilio. Kushiriki skrini kwa kawaida kumeandaliwa kwa ajili ya slaidi na hati: herufi zibaki kali, hata kama picha hubadilika mara chache kwa sekunde. Sasa chukua klipu yangu. Kifua hubonyezwa mara 100 hadi 120 kwa dakika, yaani karibu mara mbili kila sekunde. Tuseme mshiriki anapokea fremu 5 kwa sekunde: kila mbonyezo unapata picha mbili au tatu tu. Mkono unaonekana juu, mara uko chini, na mwendo wa katikati haupo. Kwa fremu 25, mbonyezo uleule unapata zaidi ya kumi, na jicho linauona mwendo.

Kwenye Zoom, tiki ya `Optimize for video clip` ndiyo inayobadilisha hesabu hii. Inapunguza ukali wa picha ili iongeze fremu. Kwa hiyo ukirudi kwenye slaidi, iondoe, la sivyo maandishi madogo yatakuwa na ukungu.

Dhana: Kucheza video moja kwa moja mtandaoni ni sawa na kucheza faili.

Ukiicheza kutoka mtandaoni, laini yako inapakua klipu na wakati huohuo inaipakia kwa washiriki. Ipakue mapema ikiwa unaruhusiwa, uicheze kutoka kwenye diski. Kumbuka pia kwamba kinachoamua ni kasi ya kupakia, ambayo kwenye laini nyingi ni ndogo kuliko ya kupakua. Kama kasi hiyo ni duni mno, tuma faili kabla ya kikao, kila mtu aitazame kwake, kisha mjadili pamoja.

Dhana: Ikicheza sawa kwangu, wao pia wanaona hivyo.

Skrini yako haipiti kwenye mtandao, kwa hiyo haiwezi kukuonyesha tatizo. Ninachofanya siku hizi ni kuingia mkutanoni kwa simu pia, kama mshiriki wa pili: maikrofoni imezimwa, hedifoni sikioni, na simu inatumia data yake badala ya Wi-Fi ileile. Nacheza sekunde 20 nikitazama simu pekee. Tik ikisikika mkono ukiwa chini, tena na tena, ndipo nawaruhusu washiriki waingie.